Kurasa 14 za mwongozo wa kuku zimetafsiriwa na mashine: sarufi safi, lakini hakuna anayeongea hivi. Nianzie wapi?

Kifaranga_wa_Kilosa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Nimepewa kazi ya kupitia mwongozo wa ufugaji wa kuku wa kienyeji, kurasa 14, utakaogawiwa kwa wafugaji vijijini. Asili yake ni Kiingereza. Mteja kaupitisha kwenye mashine ya kutafsiri, kisha akaniletea na ujumbe mfupi kwamba Kiswahili kiko sawa, mimi ninyooshe tu. Siku nne, kwa bei ya kusahihisha, si ya kutafsiri.

Shida yangu ni kwamba nikichukua sentensi moja moja sioni kosa. Ngeli zimekaa, vitenzi vimekaa, mwalimu wangu wa sekondari angeweka vema nyekundu kila mstari. Lakini nikisoma ukurasa mzima najihisi nimekaa na mgeni aliyekariri Kiswahili hotelini. Jana nimekesha na ukurasa wa kwanza, nimebadilisha maneno kama kumi na tano hivi, na asubuhi nikakuta ni uleule. Naweka aya moja muione:

> Chanjo ya ugonjwa wa Newcastle inapaswa kusimamiwa kwa ndege wote wenye afya katika kundi lako. Ni muhimu kuhakikisha kwamba chanjo inafanywa mapema asubuhi, ikiwezekana kabla ya saa 7, wakati ambapo halijoto ni ya chini. Shikilia ndege kwa upole na weka tone moja katika jicho lake moja. Subiri mpaka ndege apepese jicho lake kabla ya kumwachilia. Ndege ambao wanaonyesha dalili za ugonjwa hawapaswi kuchanjwa. Rudia mchakato huu kila baada ya miezi mitatu.

Mnaozifanya kazi hizi, mnashika wapi kwanza?

Ngoja_Nione

Ngoja waje wajuzi. Nimevuta kigoda.

Karani_Mstaafu

Ndugu mleta mada, tatizo lako ni msamiati, basi. Newcastle kwa Kiswahili ni kideri. "Ndege" waandike kuku, maana mfugaji akisoma "ndege wote katika kundi lako" atatazama juu. "Halijoto" ni neno la watabiri wa hali ya hewa, kijijini kuna joto na baridi. Tengeneza orodha, badilisha yote kwa mpigo, kazi imekwisha. Halafu futa "ambao" zote na sentensi zote za kutendwa. Kutendwa ni Kiingereza hicho, Mswahili hasemi hivyo.

Juma_Mtaa_wa_Pili

Samahani nje ya mada, hiyo chanjo ya kideri chupa moja ni bei gani sasa hivi? Na wanauza chini ya dozi mia?

Ngoja_Nione

Juma, watu wanazungumzia lugha hapa. Kaulize duka la pembejeo.

Kifaranga_wa_Kilosa

Karani, nimefuata ushauri wako. "Ndege" zote zimekuwa kuku kwa mpigo, mahali 61. Kisha nikaenda kunywa chai. Kurudi nakuta ukurasa wa 6 unamwonya mfugaji azuie "kuku wa porini" wasiingie bandani na kula chakula cha kuku wake. Pale asili ilikuwa inasema ndege kweli, wale wa angani, kwa sababu wanaleta maradhi. Nimerudisha kila kitu nyuma, sasa napita kimoja kimoja.

Karani_Mstaafu

Hapo sikuona mbali. Lakini kideri kinabaki kideri.

Mama_Tausi

Kifaranga mwanangu, pole na kazi. Nimefasiri miaka mingi, na miaka hii ya karibuni nusu ya ninachopokea ni cha aina hii yako, kwa hiyo naomba niandike kwa kirefu kidogo.

Karani amekupa nusu. Maneno ni kweli. Lakini fanya jaribio: kwenye hiyo aya, weka kuku badala ya ndege, kideri badala ya Newcastle, joto badala ya halijoto, halafu isome kwa sauti. Imebaki vilevile, sivyo? Basi ugonjwa hauko kwenye maneno.

Hesabu. Aya ina sentensi sita, na neno "ndege" limo mara nne. Mashine imefasiri kila sentensi kama vile ile ya kabla yake haijawahi kusemwa, kwa hiyo kila mara inamtambulisha kuku upya. Mtu akikueleza jambo la kuku, anamtaja mara moja, baada ya hapo kuku anahamia ndani ya kitenzi: mshike, mgeuze, mdondoshee, usimwachie. Kiswahili kina viambishi vya kubeba habari kutoka sentensi hadi sentensi, na hapa vimelala tu. Ndiyo maana ukikagua sentensi moja moja huoni kosa. Kosa liko kwenye maungio.

Tazama "shikilia ndege". Hata ukiweka "shika kuku", sikio linasikia mgeni kafika, kamata kuku yeyote tule. "Mshike kuku" ni huyu tuliyekuwa tukimzungumzia. Kiumbe hai anataka hicho kiambishi, na mashine hukiacha kila inapopata upenyo.

Halafu "katika jicho lake". Viungo vya mwili hatuviandikii mwenyewe kila mahali. Tunasema kavunjika mguu. Ukisema "kavunja mguu wake", mtu atakuuliza kaukosea nini. Kitenzi ndicho kinachosema ni cha nani: mdondoshee tone jichoni. Hakuna "lake" na hakuna "katika", na bado hakuna atakayejiuliza jicho ni la nani.

Kuhusu kutendwa, Karani, hapo nakataa. Bibi yangu alisema amefiwa, ameibiwa, amenyeshewa, na Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Kinachokera kwenye aya hii ni kutendwa kusiko na mtu: "inapaswa kusimamiwa". Nani asimamie? Unaongea na mfugaji, mwambie yeye: chanja. Tena hilo "kusimamiwa" lenyewe ni kituko, chanjo haisimamiwi kama mtihani.

Na "ambao" usizifyeke zote. "Ndege ambao wanaonyesha dalili" ni sawa kuwa "wanaoonyesha", au kwa ufupi "mwenye dalili". Lakini huko mbele lazima utakutana na "kuku ambaye hajachanjwa". Ukiikata inakuwa "asiyechanjwa", na huyo ni kuku ambaye hachanjwi kabisa, si yule ambaye zamu yake haijafika. Palipo na "haja-", amba- iko kazini, iache.

Jambo la mwisho si la mtindo hata kidogo. Hiyo "saa 7" ni ya saa ya Kizungu, kwetu ni saa moja asubuhi. Mfugaji akisoma "kabla ya saa 7" ataelewa saa saba mchana, na atachanja saa tano jua likiwa kali akijua amewahi. Sentensi haina kosa la sarufi, na inaweza kuharibu chanjo ya kijiji kizima. Hizo zitafute kabla ya kitu kingine chochote.

Fundi_Waya

Kwa hizo saa, kama faili unaweza kulitoa kama maandishi matupu, hii itakuonyesha kila mstari:

```
grep -niE 'saa [0-9]+' mwongozo.txt
```

Usibadilishe kwa mpigo lakini, umeshaona ya kuku wa porini. Baadhi zitakuwa ni muda tu, mfano "ndani ya saa 2", hizo ziache kama zilivyo.

Kifaranga_wa_Kilosa

Fundi, imetoa mistari tisa. Minne ni muda, mitano ni saa ya ukutani, na yote mitano iko Kizungu. Mmoja unasema vifaranga wafungiwe "saa 6 jioni". Saa sita ya jioni! Na mimi nilishaupita huo ukurasa mara mbili.

Mama Tausi, nakushukuru sana. Naomba basi uione aya yenyewe ingekuwaje kwa mkono wako.

Mama_Tausi

Nikueleze kwanza ninavyofanya. Nasoma aya ya asili yote, si sentensi. Naielewa. Naifunika, na ya mashine naifunika pia, kisha naandika kama namwambia jirani yangu ng'ambo ya ua. Nikimaliza nafunua asili na kukagua vitu vitatu tu: namba, kukanusha, na nguvu ya agizo, yaani ni lazima au ni hiari. Hivyo ndivyo vinavyopotea ukiandika kutoka kichwani. Nikiiacha ya mashine wazi mbele yangu, jicho linanirudisha kwenye reli zake, na naishia kubadilisha maneno kumi na tano kama wewe.

Hii hapa:

> Chanja kuku wako wote wazima wasipate kideri. Wachanje asubuhi na mapema kabla hawajafunguliwa, wakati bado kuna ubaridi. Ikifika saa moja uwe umemaliza. Mshike kuku taratibu, mdondoshee tone moja tu kwenye jicho moja, na usimwachie mpaka apepese. Mwenye dalili za ugonjwa usimchanje, mtenge. Ikipita miezi mitatu wachanje tena, na iwe hivyo kila miezi mitatu.

Karani_Mstaafu

Nimeisoma mara mbili. Nimenyamaza.

Shangazi_wa_Kwale

Imenyooka, dadangu. Lakini huku kwetu ukitaja kideri nusu ya watu watakuuliza ni kitu gani. Wanaofuga wanasema Newcastle kwa sababu ndivyo walivyoelezwa na daktari wa mifugo. Huo mwongozo ni wa Tanzania tu, ama utavuka mpaka?

Kifaranga_wa_Kilosa

Shangazi, ni wa Tanzania. Hata hapa wengine wanauita mdondo.

Mama_Tausi

Basi mara ya kwanza taja yote kwa sentensi kamili: kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, na kwenye chupa ya chanjo utaona kimeandikwa Newcastle. Baada ya hapo shika kideri moja kwa moja. Hilo la chupa ni la maana, mfugaji akienda dukani asiambiwe hakuna chanjo ya kideri kumbe iko rafuni mbele yake.

Mfasiri_Huru

Mama Tausi, heshima kwako, ila nakubishia mawili.

La kwanza, asili inasema "ikiwezekana" kabla ya saa moja. Wewe umeandika "uwe umemaliza". Umegeuza pendekezo likawa amri, na wewe mwenyewe ndiye uliyesema nguvu ya agizo ikaguliwe.

La pili, "kabla hawajafunguliwa" na "mtenge" havimo kwenye asili kabisa. Ni ushauri mzuri, nami ningeutoa, lakini umeuongeza wewe. Mteja akiweka asili na tafsiri bega kwa bega atauliza vimetoka wapi, na Kifaranga ndiye atakayejibu.

Mama_Tausi

La kwanza nimekamatika. Iwe "ikiwezekana uwe umemaliza kabla ya saa moja". Unaona lilivyo rahisi kupotea.

La pili, "mtenge" naliondoa, hilo ni agizo jipya. Ila "kabla hawajafunguliwa" bado nalipenda. Mfugaji wa kuku wa kienyeji hana saa ya ukutani bandani, saa yake ni kufungua banda. Bila hilo, "mapema asubuhi" inaelea hewani.

Mfasiri_Huru

Kulipenda si sababu. Kifaranga aliandike kama pendekezo pembeni, mteja aamue.

Mama_Tausi

Sawa, pembeni. Lakini nanuna.

Katibu_wa_Saccos

Mimi nina kesi kama hii. Chama chetu kimetafsiriwa fomu ya dhamana ya mkopo kwa mashine, na kila kifungu kinarudia "mdhamini" na "mkopaji" mpaka unachoka. Nimeanza kuiandika upya kwa njia ya Mama Tausi, nimeunganisha vifungu vya 4 na 5 na kuweka "yeye" na viambishi. Imekuwa tamu kusoma kweli kweli.

Mama_Tausi

Katibu, irudishe haraka! Fomu ya dhamana si simulizi. Mdhamini na mkopaji wote ni watu, wote ni ngeli moja, kwa hiyo "atalipa" yako hakuna ajuaye ni nani atakayelipa. Siku ya kudaiwa kila mmoja atamwonyesha mwenziwe kidole. Kwenye mkataba rudia jina kila mara, hata ikikera, na vifungu usiviunganishe, watu watakuja kuvitaja kwa namba. Unachoweza kulainisha ni ndani ya kifungu tu.

Katibu_wa_Saccos

Duh. Ilishapigwa chapa nakala hamsini.

Kifaranga_wa_Kilosa

Nimefika ukurasa wa 3, utunzaji wa chanjo. Mashine iliandika "chanjo" mara sita katika aya moja. Nimefuata somo, nimeibeba kwa viambishi:

> Chanjo isipigwe na jua. Ichukue kwenye chupa kubwa, uitie kwenye chupa ya kudondoshea, ukimaliza ifunge vizuri uirudishe mahali pa baridi.

Nimejisifu kidogo. Kuna tatizo?

Mama_Tausi

Lipo, na ni lilelile la Katibu kwa sura nyingine. "Ifunge": nini kifungwe? Chanjo, chupa kubwa au chupa ndogo? Zote tatu ni ngeli moja, zote ni "i-". Kwenye aya ya kwanza ulikuwa na kuku na chanjo, huyu "m-" na ile "i-", kwa hiyo hazikugongana. Hapa zimejazana mlango mmoja.

Njia ni mbili. Ama taja jina palipo na shaka: "chupa kubwa ifunge". Ama ihamishe ngeli moja wapo. Ile ndogo iite kichupa, na watu ndivyo wanavyoiita. Sasa una chupa "i-" na kichupa "ki-":

> Chanjo isipigwe na jua. Mimina kiasi kwenye kichupa cha kudondoshea, kisha chupa kubwa ifunge vizuri na uirudishe mahali pa baridi. Kichupa nacho kiweke kivulini muda wote unapochanja.

Hiyo sentensi ya mwisho ni yangu, kabla Mfasiri Huru hajaniona. Tazama kama asili inayo.

Mfasiri_Huru

Nimekuona.

Kifaranga_wa_Kilosa

Asili inayo, iko chini ya picha. Umepona.

Dokta_Jembe

Nimepita uzi huu kwa ajili ya kuku, si kwa ajili ya lugha, ila nina swali. Huo mwongozo umeshamsomea mfugaji hata mmoja? Mimi nimefanya kampeni za chanjo vijijini. Ukimuuliza mtu "umeelewa?" atakujibu ndiyo, hata kama ulikuwa unaongea Kichina, ni adabu tu. Usimuulize hivyo. Msomee, funga karatasi, mwambie akueleze yeye atafanya nini kesho asubuhi.

Kifaranga_wa_Kilosa

Dokta, ushauri wako umenivua nguo. Leo nimekwenda kwa mama mkwe, ana kuku kumi na moja na vifaranga wa mitetea miwili. Nimemsomea kwanza ya mashine. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza, "Hii barua imetoka wilayani?" Nikamsomea ya Mama Tausi iliyorekebishwa. Hapo akaanza kuitikia kwa kichwa, na kwenye "usimwachie mpaka apepese" akacheka, akasema kumbe ndiyo maana mwaka juzi kijana aliyekuja kuchanja alikuwa anawatazama kuku machoni.

Nikafunga karatasi, nikamwambia anieleze. Akasema: nitaamka kabla sijafungua banda, nitamshika mmoja mmoja, tone moja jichoni, wagonjwa nitawaacha. Vizuri kabisa. Nikauliza, na vifaranga? Akanijibu, "Si umesema kuku wazima? Vifaranga si mpaka wakue."

Dokta_Jembe

Ndicho nilichokuwa nakihofia niliposoma "wazima". Mtu mzima, kuku mzima, anasikia aliyekomaa. Chanjo ya matone ya I-2, hiyo inayotumika sana kwa kuku wa kienyeji Tanzania, vifaranga wanapewa pia, na ni tone moja lilelile kama jogoo. Ukiwaacha, kideri kikipita kinawafagia wao.

Mama_Tausi

Lo! Na "wazima" nililiona zuri nilipoliandika. Mashine ilisema "wenye afya", neno la ofisini, lakini halikuwa na mtego. Mimi nimeweka la nyumbani, lenye maana mbili, na nimechagua isiyotakiwa. Ingekuwa karatasi imeshachapwa, kosa ni la mhariri, si la mashine. Iwe:

> Chanja kuku wako wote wasio wagonjwa, wakubwa kwa vifaranga, wasipate kideri.

Mfasiri Huru, "wakubwa kwa vifaranga" haimo kwenye asili. Na hii siiweki pembeni.

Mfasiri_Huru

Asili inasema "wote". Kama "wote" ya mfugaji haiwafikii vifaranga bila kuwataja, basi kuwataja ndiyo tafsiri yenyewe. Hapo nakubali. Ila bado umwandikie mteja kwa nini.

Karani_Mstaafu

Niongeze kidogo. Mama mkwe alipouliza kama barua imetoka wilayani, hakukosea. Sisi wenyewe makarani ndivyo tulivyoandika miaka yote: "mnatakiwa kuhakikisha kwamba zoezi linafanyika". Kwa hiyo msiisingizie mashine kila kitu. Mengine tumeyafundisha sisi.

Mama_Tausi

Karani, kwa hilo nakupa mkono. "Zoezi" hilo limenitesa.

Kifaranga_wa_Kilosa

Taarifa, siku ya tatu. Nilimpelekea mteja kurasa tano za kwanza. Amerudisha na malalamiko: asili ya aya ile ina sentensi sita, yangu ina tano kwa kuwa ile ya saa moja niliiunganisha na ya kabla yake, kwa hiyo "kuna sentensi imeachwa". Pia kairudisha kazi yangu kwenye mashine ili itoe Kiingereza, akalinganisha na asili, akaona hazifanani. Anasema ya mwanzo ilifanana zaidi.

Fundi_Waya

Lazima ifanane zaidi! Ile ilizaliwa na mashine ileile. Inarudi ilikotoka.

Mfasiri_Huru

Kipimo cha kurudisha kina kazi yake: namba iliyopotea au "usi-" iliyodondoka kitaiona. Lakini hakiwezi kusikia Kiswahili, kwa sababu maneno yaliyofuata reli za Kiingereza ndiyo yanayorudi vizuri. Mwandalie jedwali la safu nne: asili, ya mashine, yako, na sababu kwa mstari mmoja. Si kwa kila aya, zile zenye mabadiliko makubwa tu. Kwenye sababu usiandike "haisikiki vizuri", hilo hawezi kulipima. Andika "mfugaji alidhani vifaranga hawachanjwi" au "saa 7 inasomeka saa saba mchana".

Na suala la bei usilinyamazie. Kiwango cha ISO 18587 cha 2017, cha kuhariri matokeo ya mashine, kinatofautisha uhariri mwepesi na uhariri kamili. Mwepesi ni kueleweka tu. Kamili ni kuwa kama imeandikwa na mtu. Mteja kalipia mwepesi, anataka kamili, na sasa analalamika kwamba umefanya kamili. Muulize kwa maandishi anataka upi.

Mama_Tausi

Mimi kiwango sikijui, ila najua hivi: kazi ya namna hii ikiwa mbaya sana, kuifasiri upya kutoka asili ni haraka kuliko kuinyoosha. Ninajaribu aya tatu za katikati, si za mwanzo, na saa mkononi. Nikiona kwa kila aya nimebakiza chini ya nusu ya maneno yao, naomba bei ya kufasiri au narudisha.

Mfasiri_Huru

Hapo tunatofautiana. Majedwali na orodha za vifaa mashine imefanya vizuri, hizo ningezibakiza na kulipwa kwa saa. Si lazima yote au sifuri.

Kifaranga_wa_Kilosa

Nimetuma jedwali, aya saba. Ile ya saa imemshtua, amepiga simu mwenyewe kuuliza kama kuna nyingine. Amekubali "wakubwa kwa vifaranga". "Kabla hawajafunguliwa" anasema atamuuliza mtaalamu wake wa mifugo. Siku mbili kaongeza. Bei bado, anasema "tutaangalia".

Mama_Tausi

"Tutaangalia" hiyo haihitaji mfasiri.

Kifaranga_wa_Kilosa

Hahaha. Sasa niko ukurasa wa 9, kichwa kinasema "Jinsi ya kulisha tabaka zako". Nimekitazama dakika kumi. Tabaka za nini jamani, za udongo?

Dokta_Jembe

Layers, mkuu. Kuku wa mayai.